Video ya sekunde 15 ya sabuni ya mwani: kila kitu kianguke

*Assalaamu alaykum. Sisi ni kikundi cha wanawake wa Micheweni, Pemba, tunatengeneza sabuni ya mwani yenye karafuu. Tunataka video ya sekunde 15 ya kuweka Instagram, TikTok na Status ya WhatsApp. Hatutaki sura zetu zionekane, na kamera yetu ni simu tu. Tulirekodi kuanzia pwani wakati wa kuvuna mwani mpaka sabuni inapokatwa. Ikawa ndefu, na tulipoibana ikawa haieleweki. Tunaipangaje kabla ya kurekodi?*

Waalaykumu salaam dada, wewe na wenzako. Kosa halikuwa kwenye kubana. Mlichorekodi ni hadithi ya dakika tatu, na hadithi ya dakika tatu haiingii kwenye sekunde 15 hata ukipata fundi gani wa kuikata. Safari ya pwani iwekeni kwa video nyengine, tena ile ina ratiba yake: mpaka lije bamvua, maji yakauke vizuri. Hii fupi iwe na neno moja tu la kumwambia mteja.

Neno hilo msilitafute kwenye mnayojivunia. Litafuteni kwenye kile ambacho mteja anakitilia shaka. Mtu asiyeijua sabuni yenu akisikia "mwani" humjia mambo mawili kichwani: harufu ya pwani, na wasiwasi kwamba kitu cha baharini hakitoi povu. Harufu kamera haiioni. Povu inaliona, tena inalipenda. Kwa hiyo video hii iwe ya povu, na karafuu ipite kwa ufupi ili ile shaka ya harufu nayo ipate jibu lake bila kuhubiriwa. Ngozi laini, bei nafuu, kikundi cha akina mama, vyote ni kweli na vyote vibaki nje.

Sasa, mkishaondoa watu, mnaondoa pia kitu ambacho jicho hukifuata bila kuambiwa. Sabuni iliyowekwa juu ya meza ikatulia ni picha ya mnato, hata ukiirekodi video, na mtazamaji huitelezesha kwa kidole kabla hajasoma jina. Kila shoti lazima iwe na jambo linalotokea: kitu kilikuwa hivi, sasa kimekuwa vile. Kwa sabuni yenu napendekeza jambo moja lijirudie kwa sura tofauti, nalo ni kuanguka. Povu linaanguka, mwani mkavu unaanguka, unga wa mwani unaanguka, kisu kinashuka, karafuu zinamwagika, na mwisho pakiti inatuliwa chini. Simu imesimama wima, fremu ni ndefu kuliko ilivyo pana, basi mwendo wa kutoka juu kwenda chini unaijaza wenyewe. Faida nyengine mtaiona kwenye kuunganisha: jicho likishazoea mwelekeo mmoja, shoti hazigongani hata kama zimerekodiwa siku tofauti.

Chukueni daftari la skuli na penseli. Hiyo ndiyo storibodi, yaani video iliyochorwa shoti kwa shoti kabla ya kurekodi; hakuna haja ya programu wala ya kujua kuchora. Pigeni mistari ya maboksi sita, kila moja limesimama wima kama simu, upana sentimita nne na nusu na urefu nane. Kabla ya kuchora chochote, tieni kivuli cha penseli kwenye theluthi ya chini ya kila boksi, na mstari mwembamba juu kabisa. Pale chini ndipo Instagram na TikTok zinapoweka jina la akaunti na maelezo, na upande wa kulia kuna vitufe vya kupenda na kutuma. Bei ikiandikwa pale hakuna atakayeiona. Kwa sababu video yenu ni ya vitu vinavyoanguka, kivuli hicho kina kazi zaidi: mahali kitu kinapotua pasiwe chini ya fremu, pawe katikati. Wengi hapa ndipo wanapopotea. Wanapanga bakuli chini kabisa ili povu lipate nafasi ya kushuka, halafu kishindo chote kinatokea nyuma ya maandishi.

Anzeni kuchora boksi la sita, la mwisho. Najua inaonekana kinyume, lakini la mwisho ndilo msiloweza kulipunguza: jina la sabuni, bei na mahali inapopatikana vinahitaji muda wa kusomwa. Pimeni hivi: andikeni maneno yenyewe, yasomeni kwa sauti mara mbili kwa mwendo wa mazungumzo huku saa ya simu inahesabu. Muda huo ndio muda wa shoti. Jina, bei na "Micheweni na Wete" zitachukua kama sekunde tatu na nusu. Namba ya simu msiiweke kwenye picha, haisomeki wala hainakiliki. Iende kwenye maelezo. Mkitoa tatu na nusu kwenye 15, zinabaki kumi na moja na nusu za kugawana maboksi matano, na hapo ndipo mtaona wenyewe kwa nini pwani haikuingia.

Boksi la kwanza lipewe sekunde mbili na nusu, nalo ndilo lenye picha nzuri kuliko zote. Msiiweke akiba. Mkono unakamua dodoki, povu zito linashuka ndani ya chungu cheusi. Nimesema cheusi kwa makusudi, maana povu jeupe kwenye bakuli jeupe halionekani, litakuwa ukungu tu. Juu yake maneno manne: "Povu hili lina mwani." Mtaona sikuandika "povu la mwani". Povu la sabuni linatoka kwenye mafuta, hasa ya nazi, mwani haulitoi. Mteja anayejua sabuni atawakamata kwenye kapsheni, na atakuwa na haki.

La pili, sekunde mbili: konzi ya mwani mkavu inaangukia kwenye ungo, karibu kabisa, hakuna maneno. La tatu, sekunde mbili: unga wa mwani unapita kwenye chekeche na kunyesha. La nne, mbili na nusu: kisu kinashuka kwenye mche wa sabuni na kipande kinalala ubavu. La tano, mbili na nusu: karafuu kavu zinamwagika kuzunguka kipande hicho, na maneno "na karafuu ya Pemba". La sita, tatu na nusu: mkono unatua pakiti juu ya mkeka, unaondoka, pakiti inabaki na maandishi yake. Jumlisheni, ni 15 kamili.

Chini ya kila boksi andikeni mambo matatu tu: simu iko wapi, nini kinasogea, na sauti gani inasikika. Kwa boksi la nne, kwa mfano: "Simu usawa wa meza, sentimita 25 kutoka kwenye mche. Kisu kinashuka polepole mpaka kigonge ubao. Sauti ya kisu kikikata, kisha tok." Mkiandika hivyo, siku ya kurekodi hakuna mtu wa kuuliza sasa tunafanya nini.

Kabla hamjagusa sabuni, ifanyieni storibodi jaribio ambalo halina gharama. Pigeni picha kila boksi, ziingizeni kwenye programu ya simu ya kuunganisha video kama CapCut au InShot, kila picha ipeni muda wake ulioandikwa, maneno yawekeni mahali pake, halafu itazameni kama video. Itakuwa ni michoro ya penseli inayobadilika, lakini mwendo wake ni wa kweli. Mwonesheni mtu asiye wa kikundi, mara moja tu, mumuulize: wanauza nini? Akisema "karafuu", basi boksi la tano ni refu mno au liko mapema mno. Akisema "sikuwahi kusoma", maneno yapunguzwe au muda uongezwe. Kubadilisha mchoro ni dakika moja. Kurudia shoti ya povu ni nusu ya asubuhi.

Boksi la tano lina mtego wa hesabu. Karafuu ikiachiwa kutoka sentimita 30 hufika chini kwa robo ya sekunde. Nyinyi mmeipa mbili na nusu. Mkirekodi kwa kasi ya kawaida mtaona mchirizi, kisha karafuu zimelala na zaidi ya sekunde mbili za picha iliyokufa. Hapa tumieni ile hali ya simu iliyoandikwa Slow motion. Simu ikirekodi picha 120 kwa sekunde na video ikaoneshwa kwa 30, kila kitu kinarefuka mara nne. Aliyeshika karafuu juu ya fremu aziachie kidogo kidogo kwa muda wa nusu sekunde, sio zote kwa mpigo. Mmwagiko huo utakuwa sekunde mbili kwenye skrini, na nusu iliyobaki ni ya zile zinazorukaruka. Hali hiyo inataka mwanga mwingi na sauti yake haifai, kwa hiyo sauti ya karafuu irekodini peke yake. Kwenye maboksi mengine msiitumie. Kisu kinachoshuka kwa pole ya simu hula sekunde zenu, na kinaonekana cha maigizo.

Mwanga wenu bora uko mlango wa uwani. Wekeni meza ndani, hatua moja au mbili kutoka mlangoni, asubuhi baina ya saa mbili na saa nne, jua lisiingie moja kwa moja. Mwanga uingie ubavuni mwa sabuni, sio nyuma ya simu, maana mwanga wa ubavuni ndio unaoonesha vitundu vya povu na alama za kisu. Upande wa pili simamisheni kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe, kirudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Taa ya ndani izimeni. Rangi yake haipatani na ya nje, na taa nyengine huacha mistari inayopanda na kushuka kwenye video ambayo kwa macho hamkuiona. Mawingu yakipita subirini; shoti mbili za meza moja, moja ya jua na moja ya wingu, zikiunganishwa zinaonekana za nyumba mbili.

Msirekodi kwa mpangilio wa video. Rekodini kwa mpangilio wa ukavu. Anzeni na la sita, mikono bado safi na pakiti haijakunjika, kisha la tano kwa kuwa liko juu ya meza ile ile, halafu la pili, la nne, unga wa chekeche baadaye kwa sababu vumbi lake hukaa kila mahali pamoja na kioo cha kamera, na povu la mwisho kabisa. Sabuni ikishalowa hairudi ilivyokuwa, tengeni vipande vitatu vya kufanana. Na kwa hewa yetu sabuni iliyotengenezwa kwa mkono hutoka jasho, kwa kuwa gliserini iliyobaki ndani yake huvuta unyevu. Jicho linalipuuza, kamera inalionesha kama vijitone na sabuni inaonekana inanata. Ifuteni kwa kitambaa kikavu dakika hiyo hiyo ya kurekodi, na kioo cha simu pia.

Simu isishikwe na mkono. Iegemezeni kwenye tofali mbili na mfuko mdogo wa mchanga, wima, ikiwa kwenye Airplane mode ili simu ya shangazi isikate shoti. Mkikaribia chini ya sentimita kumi hivi, kamera nyingi hushindwa kuona sawasawa. Rudini nyuma kidogo, rekodini kwa 4K kama simu inayo, na mkuze picha wakati wa kuunganisha.

Kinachoharibu shoti za kuanguka kuliko vyote ni simu kujitafutia fokasi. Kitu kinapita mbele, simu inakikimbilia, inakikosa, inarudi, na picha yote inapumua. Mwanga nao hivyo hivyo: povu jeupe likiingia kwenye fremu, simu inaona mwanga umezidi na inatia giza chungu, mkono na kila kitu. Dawa ni moja. Wekeni kitu pale kitakapotua kile kinachoanguka, gusa kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka ioneshe kwamba imefunga, kwenye iPhone itaandika AE/AF LOCK na kwenye Android nyingi kutatokea alama ya kufuli, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Kwa shoti ya povu fungeni juu ya dodoki lenye povu tayari, sio juu ya chungu kitupu. Mtajua mmefaulu mkitazama ukingo wa chungu kwenye video: weusi wake usibadilike tangu mwanzo hadi mwisho.

Povu lenyewe lina upishi wake. Lowesheni dodoki, likamueni karibu kukauka, lisugueni kwenye sabuni muda mrefu kuliko mnavyodhani, ongezeni maji kwa matone. Maji yakizidi linakuwa jepesi na kuchuruzika kama uji wa mgonjwa. Likiwa tayari, simu iwe inarekodi tangu kabla, kwa sababu baada ya dakika moja au mbili vitundu vinapasuka na linanywea. Na tumieni maji ya wateja wenu. Visima vya kwenye mawe ya matumbawe vina maji magumu ambayo hupunguza povu la sabuni. Mkirekodi kwa maji ya mvua halafu mteja akaoge kwa maji ya kisima, atasema mmemdanganya. Jaribuni kwanza. Povu likigoma kwenye maji ya kisima, badilisheni neno la video, msibadilishe maji.

Kila shoti ichukueni ndefu mara tatu ya muda wake, na kimya. Mnaweza kuzungumza baadaye. Mwenye kushika kisu avue bangili, la sivyo mtasikia bangili badala ya kisu. Mkono wenye hina ni mzuri na sura haimo, ila uwe mkono huo huo kwenye la kwanza, la nne na la sita. Baada ya picha kwisha, rekodini sauti peke yake, simu karibu ya kitu: mwani ukikwaruza ungo, kisu kikigonga ubao, karafuu zikimwagika, karatasi ya pakiti. Akaunti za biashara kwenye TikTok na Instagram haziruhusiwi kutumia nyimbo nyingi maarufu, na video ikinyamazishwa kwa ajili ya wimbo mtakuwa mmepoteza. Sauti hizi ni zenu, na kwa video ya vitu vinavyoanguka zinatosha.

Kwenye kuunganisha, kateni wakati kitu bado kiko hewani. Povu lisimalize kutua ndipo mwani uanze; likate likiwa linashuka, na mwani uchukue mwendo huo huo. Pakiti ya mwisho tu ndiyo iachwe itulie. Mkiona video imefika sekunde 15 na nukta, punguzeni kwenye la pili au la tatu, msipunguze la sita.

Maneno ya "inatibu chunusi" au "inaondoa fangasi" msiyaweke hata kwenye maelezo. Hapo sabuni inakuwa imedai kuwa dawa, na hilo ni suala la Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, sio la kapsheni.

Ikiwa anayeunganisha yuko Unguja, msimtumie shoti kwenye WhatsApp kama video za kawaida, zitabanwa na povu litageuka madoa. Mtumieni kwa kuchagua Document, na yeye awarudishie hivyo hivyo. Storibodi mpigieni picha mumtumie pamoja nazo, na kila faili lipewe namba ya boksi lake, vinginevyo atapanga kwa anavyoona yeye.